Wiki Nane Kabla ya Saa Saba Usiku

Tarehe 14 Mei 2021, mnamo saa saba usiku, kompyuta za huduma ya afya ya umma nchini Ayalandi zilianza kufungwa moja baada ya nyingine. Mafaili yaliyofunguka vizuri jana yake yakakataa kufunguka, na wadukuzi wakaacha ujumbe wa kutaka wasiliane nao. Saa tisa kasoro dakika kumi, hospitali zilikuwa zimeshaanza kutoa taarifa kwa HSE, shirika la serikali linaloendesha huduma za afya za nchi nzima. Saa kumi na dakika 36 likatangazwa tukio la dharura. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, wagonjwa wa siku hiyo wakiwa bado wamelala, HSE ikaamua kuzima mifumo yake yote ya kompyuta.

Tunajua mambo hayo kwa dakika kwa sababu kuna aliyeyaandika. Bodi ya HSE iliagiza uchunguzi huru, ikaipa kazi hiyo kampuni ya PwC, na Desemba 2021 ripoti ikatolewa hadharani, kurasa zaidi ya 150. Jambo hili ni nadra. Kwa kawaida ripoti ya udukuzi huandikwa na watu wa TEHAMA, huwasilishwa kwenye kikao cha menejimenti mlango ukiwa umefungwa, kisha ikaishia kabatini. Hii ya Ayalandi yeyote anaweza kuisoma, na kwa anayetakiwa kuandika ripoti ya namna hiyo, au kuipokea na kuifanyia uamuzi, sijaona somo lililo wazi zaidi.

Menejimenti huwa na maswali manne: nini kilitokea, taarifa za nani zimeguswa, tumefanya nini kuzuia moto usienee, na tutafanya nini yasijirudie. Ukisikiliza vikao vingi utaona swali la kwanza hugeuka haraka kuwa lingine: nani alibofya? Na hapo ripoti huanza kupotea njia.

Maana kweli kuna mtu aliyebofya. Tarehe 16 Machi 2021 mtumishi mmoja alitumiwa barua pepe ya ulaghai yenye faili la Eksel. Tarehe 18 akalifungua. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa mlango. Lakini ripoti haikumtaja mtu huyo kwa jina wala cheo. Iliitaja kompyuta, ikaipa sifa ya mgonjwa wa kwanza kama wafanyavyo madaktari wanapofuatilia mlipuko, kisha ikaendelea na safari. Uamuzi huo wa uandishi ni wa maana. Shirika lenye watumishi laki moja na ushee litakuwa na anayebofya kila wiki, hata ukiwapa semina kila mwezi. Ukijenga ripoti juu ya bofyo hilo, pendekezo litakalotoka ni semina nyingine na barua ya onyo, na yaliyotokea baada ya bofyo hayatachunguzwa. Nayo yalichukua wiki nane.

Tarehe 31 Machi, siku kumi na tatu baada ya faili kufunguliwa, antivairasi ya kompyuta ile iligundua zana mbili zikitumika ndani yake: Cobalt Strike na Mimikatz. Ya kwanza humwezesha mdukuzi kuiongoza kompyuta akiwa mbali. Ya pili huchota nywila zilizo kwenye kumbukumbu ya mashine. Zana hizi wakaguzi halali wa usalama nao huzitumia, ila mtumishi wa kawaida hana sababu ya kuwa nazo. Kwa fundi anayejua kazi yake, kuziona pamoja kwenye kompyuta ya ofisini kunatosha kumfanya aache chakula mezani. Antivairasi iliziona, lakini ilikuwa imewekwa katika hali ya kutazama tu bila kuzuia. Ilikuwa kama mlinzi wa usiku anayemwona mwizi akiruka ukuta, akaandika saa kwenye daftari, kisha akarudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyelisoma daftari.

Tarehe 7 Mei wadukuzi wakafika kwenye seva za HSE kwa mara ya kwanza. Siku zilizofuata wakaingia kwenye hospitali kadhaa zilizounganishwa kwenye mtandao huohuo. Tarehe 10 Mei hospitali mojawapo iliona dalili kwenye seva inayotunza akaunti za watumiaji wake wote, na tarehe 12 nyingine nayo ikashtuka. Tarehe 13 Mei kampuni iliyokuwa ikiihudumia HSE kwa antivairasi iliwaandikia barua pepe watu wa usalama wa mtandao: kuna matishio ambayo hayajashughulikiwa tangu tarehe 7, kwenye mifumo isiyopungua 16. Hatua iliyochukuliwa ni kuwaomba mafundi wa seva waziwashe upya seva hizo. Usiku huohuo, saa saba ikafika.

Hapa mwandishi wa ripoti hukabiliwa na kishawishi. Anaweza kuandika kwamba shambulio liligunduliwa tarehe 14 Mei na hatua zikachukuliwa ndani ya saa chache, na kila neno likawa kweli. Wakubwa wangemsifu. Lakini angekuwa ameficha jambo ambalo bodi ilihitaji kulijua kuliko yote: kengele ililia zaidi ya mara moja, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuisikia na kutangaza kwamba hili sasa ni tukio. Ripoti ya PwC ililisema hilo bila kuzunguka. Tena ikaweka kando yake mfano unaouma: Wizara ya Afya ya Ayalandi na hospitali moja zilivamiwa na watu walewale siku zilezile, zikaziona dalili, zikachukua hatua, na mafaili yao hayakufungwa.

Ndiyo maana jedwali la saa na tarehe ndilo uti wa ripoti. Halihitaji mapambo. Kila mstari una mambo matatu: saa, kilichotokea, na tumejuaje. Hilo la tatu ndilo huachwa mara nyingi. "Mdukuzi aliingia tarehe 7" ni maneno ya kijiweni mpaka uonyeshe ni logi ya seva gani inasema hivyo. Na penye kukisia, sema unakisia.

Ripoti ya kurasa 150 huja baada ya miezi. Menejimenti haiwezi kuisubiri. Inahitaji ukurasa mmoja siku ileile, na kuuandika huo ni kazi ngumu zaidi kwa sababu unayoyajua ni machache. Ningepewa kuuandika ule wa Ayalandi saa sita mchana tarehe 14 Mei, kwa yale yaliyokuwa yanajulikana wakati huo, ningeandika takriban hivi:

"Usiku wa kuamkia leo programu ya kudai fidia, ya kundi linalojulikana kama Conti, imefunga mafaili kwenye seva na kompyuta zetu katika hospitali kadhaa. Taarifa za kwanza zilitufikia saa 8:50 usiku. Saa 11:10 alfajiri tulizima mifumo yote na kukata mawasiliano ya mtandao na taasisi nyingine. Barua pepe na mifumo ya wagonjwa haipatikani; hospitali zinatumia karatasi. Hatujajua wadukuzi waliingia lini wala kupitia wapi. Hatujajua kama wamechukua taarifa za wagonjwa. Mpaka tuthibitishe vinginevyo, tunafanya kazi tukichukulia kwamba wamechukua. Leo tunahitaji uamuzi wenu juu ya mambo mawili: huduma zipi zisimamishwe, na nani atakayezungumza na umma. Taarifa inayofuata ni saa 12 jioni."

Huko hakuna jina la virusi lenye tarakimu, hakuna mchoro wa mtandao, hakuna anayelaumiwa. Kuna sentensi mbili zinazoanza na "hatujajua", nazo ndizo zinazoipa karatasi nzima uzito. Mkurugenzi akiona mahali umekiri hujui, ataamini pale uliposema unajua. Na kuna saa ya taarifa inayofuata, ili asikupigie simu kila baada ya dakika kumi wakati mikono yako imo kwenye seva.

Swali la taarifa zilizoguswa ndilo linalowaumiza wengi vichwa, kwa sababu huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali. Faili kufungwa ni jambo moja: lipo, ila hulisomi. Faili kuonwa na mgeni ni la pili. Faili kunakiliwa na kupelekwa nje ni la tatu, na makundi kama Conti hufanya la tatu kabla ya la kwanza, ili ukikataa kulipa wakutishie kuzianika taarifa. Kwa hiyo mtu anayesema "tuna nakala rudufu, tutarejesha kila kitu, hakuna tatizo" amejibu theluthi ya swali.

Katika kisa cha HSE, kiasi kilichotajwa kuchotwa ni takriban gigabaiti 700, zikiwemo taarifa za afya za watu. Tarakimu hiyo inaonekana kubwa, lakini kwa bodi bado haisemi kitu. Gigabaiti hazina majina. Kinachotakiwa ni aina ya taarifa na idadi ya watu: majina na namba za simu, au majibu ya vipimo? Wagonjwa, au watumishi pamoja na akaunti zao za benki? Mwishoni mwa Mei 2021 HSE ilithibitisha kwamba taarifa za wagonjwa 520 zilionekana mtandaoni. Desemba, polisi wa Ayalandi wakapata nakala ya taarifa zilizoibwa kupitia mamlaka za Marekani. Ndipo kazi ya kusoma mafaili ikaanza, kutambua nani ametajwa wapi, na barua za kuwaarifu waathirika zikaanza kutumwa Novemba 2022, mwaka mmoja na nusu baada ya tukio. Orodha ilifika karibu watu laki moja. Mwandishi anayeahidi menejimenti kwamba orodha kamili itapatikana wiki ijayo anajitafutia aibu.

Sheria lakini haisubiri orodha. HSE ilibanwa na kanuni ya Ulaya inayotaka mamlaka ya ulinzi wa taarifa iarifiwe ndani ya saa 72 baada ya shirika kujua. Kenya nayo ina saa hizohizo 72 katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria yake ya 2022 pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa ya kwanza kwa mdhibiti huruhusiwa kuwa pungufu na kujazwa baadaye. Kwa sababu hiyo ripoti lazima iandike saa ambayo shirika lilijua, maana hapo ndipo saa zinapoanza kuhesabiwa, na mawakili watauliza.

Kuna sentensi moja katika ripoti za namna hii ambayo kila mkurugenzi angepaswa kuisimamisha mlangoni na kuipekua: "Hakuna ushahidi kwamba taarifa zimechukuliwa." Huenda ina maana kwamba tumepekua logi za miezi mitatu za mitambo yote inayotoka kwenye intaneti, na hatukuona mzigo mkubwa ukitoka. Huenda pia ina maana kwamba logi zetu hujifuta kila baada ya siku saba, mdukuzi alikaa wiki nane, hivyo hatuna tulichokiona wala ambacho tungeweza kukiona. Maneno ni yaleyale. Uliza logi zilitunzwa kwa muda gani, na za mitambo ipi. Kama jibu halimo ndani ya ripoti, irudi ikaandikwe upya.

Tuje kwenye hatua za papo hapo. Uamuzi wa saa kumi na moja alfajiri ulisimamisha uharibifu, na ulikuwa na gharama yake. Hospitali ya wazazi ya Rotunda mjini Dublin ilifuta miadi ya wagonjwa wa nje, ikabakiza wajawazito waliofikisha wiki 36 au zaidi na wenye dharura. Tiba za mionzi kwa wagonjwa wa saratani zikavurugika. Barua pepe zilikatika, na kwa kuwa hata orodha za namba za simu zilikuwa ndani ya mifumo iliyozimwa, watu walihangaika kutafutana. Ripoti inayosema "mifumo ilizimwa kwa mafanikio" bila kutaja hayo haijamweleza mkubwa kitu alichokinunua na bei yake.

Tena kuzima si sawasawa na kukata. Ukichomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi, mashine inabaki hai lakini mdukuzi hawezi kuifikia wala kuruka kutoka hapo. Ukiizima kabisa au kuiwasha upya, unafuta kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake ya muda, na zana kama Cobalt Strike mara nyingi hujificha humohumo. Unapoteza ushahidi. Mdukuzi mwenyewe humpotezi, kwa sababu ameshajiwekea njia nyingine za kurudi na ana nywila mkononi. Ndiyo maana ile amri ya tarehe 13 Mei, kuwasha seva upya, inauma kuisoma: ni dawa ya kompyuta iliyozubaa, ikapewa kompyuta iliyovamiwa. Hata hivyo, mafaili yakiwa yanafungwa dakika hiyohiyo mbele ya macho yako, kuzima kunaweza kuwa ndiyo njia pekee. HSE walifanya hivyo na siwalaumu. Cha msingi ripoti iseme nani aliamua, saa ngapi, na kwa nini.

Kuhusu nywila, wengi hukimbilia kuzibadilisha saa ileile. Ukifanya hivyo mdukuzi akiwa bado ndani, unamwandikia mpya anazisoma. Kwanza hakikisha akaunti kuu za wasimamizi zinashughulikiwa kutoka kwenye mashine safi, ndipo zifuate za watumishi.

Mafaili ya Ayalandi yalifunguliwaje? Serikali ilisema haitalipa, na tarehe 20 Mei kundi la Conti lenyewe likatoa ufunguo bila malipo, huku likiendelea kutishia kuziuza taarifa. Ufunguo ulipatikana, lakini seva ya mwisho ilifunguliwa tarehe 21 Septemba. Miezi minne ikiwa una ufunguo! Wachunguzi waliuliza ingekuwaje bila huo ufunguo, na jibu lao halikuwa la kufariji: nakala rudufu zilihamishiwa kwenye kanda zilizo nje ya mtandao kwa vipindi tu, kwa hiyo huenda sehemu kubwa ya taarifa ingepotea moja kwa moja. Nakala iliyounganishwa kwenye mtandao uleule hufungwa pamoja na asili yake.

Linabaki suala la kuzuia, nalo ndilo hugeuka kirahisi kuwa orodha ya manunuzi. Njia ninayoiamini ni kulifunga kila pendekezo kwenye mstari wake katika jedwali la saa. Mstari wa 31 Machi unadai antivairasi iwekwe katika hali ya kuzuia, na awepo mtu wa zamu, usiku na mchana, wa kusoma inachosema. Mstari wa 13 Mei unadai utaratibu wa kurasa mbili unaomweleza fundi wa zamu ni dalili zipi zinamlazimu kumwamsha mkubwa, na kumpa mamlaka ya kukata mtandao bila kuomba ruhusa. Mstari wa hospitali kuambukizana unadai mtandao ugawanywe, ili kompyuta ya karani isiweze kuzungumza na kila seva nchini. Pendekezo lisilo na mstari wake huenda ni zuri, lakini lisubiri bajeti ya kawaida, lisijipenyeze kwa mgongo wa dharura.

Kisha kuna yale ambayo si ya fundi hata kidogo. HSE ilikuwa na kompyuta takriban 30,000 zinazotumia Windows 7, toleo ambalo Microsoft iliacha kulihudumia kwa kawaida Januari 2020. Haikuwa na mkuu wa usalama wa mtandao mwenye hadhi ya kuketi na wakubwa, na waliopewa kazi ya usalama kwa muda wote walikuwa kama 15 kwa shirika la ukubwa ule. Hakuna msimamizi wa seva aliyeamua hayo. Ni maamuzi ya bajeti yaliyopitishwa kikaoni miaka iliyotangulia, na ripoti ya PwC iliyarudisha kikaoni: ikataka cheo hicho kiundwe na bodi iwe na kamati ya kuyasimamia. Mwandishi aliye mwajiriwa wa ndani atapata taabu kuyaandika haya, kwa kuwa anayemwandikia ndiye anayetajwa. Bodi yenye busara humpa mtu wa nje sehemu hiyo.

Kila pendekezo liwe na mwenye kuwajibika, kwa cheo, na tarehe. Tarehe ikifika, mkurugenzi asikubali kuambiwa "tumekamilisha". Kwa nakala rudufu, kwa mfano, jaribio ni rahisi na halihitaji utaalamu: achague mfumo mmoja, aombe uletwe kutoka kwenye kanda iliyo nje ya mtandao, upandishwe kwenye mashine tupu mbele yake, na aangalie saa unapoanza na saa unapowaka.